Kuulizia ukumbi wa mkutano kwa ajili ya kundi: maswali kuhusu nafasi, bei, arbuni na kughairi

Ukurasa huu ni wa waratibu wanaotafuta ukumbi wa warsha, mafunzo au mkutano wa mwaka, hasa Arusha, Dodoma na Dar es Salaam. Mfano tutakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja: warsha ya siku tatu, washiriki 120. Bei zilizotajwa ni za mfano tu, ziwekwe pembeni ukishapata profoma yako.

Niandike nini kwenye barua ya kwanza ya kuulizia?

Mambo ambayo ofisi ya mauzo haiwezi kukupa bei bila kuyajua: tarehe (na tarehe mbadala), idadi ya watu, namna viti vitakavyopangwa, saa za kuanza na kumaliza, chakula unachotaka, na kama kuna watakaolala. Ukiacha mpangilio wa viti, utajibiwa kwa idadi kubwa kuliko zote ambayo ukumbi unaweza kubeba, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Barua fupi inatosha:

*Ndugu Meneja Mauzo, habari za kazi. Tunaomba bei ya ukumbi kwa warsha ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi. Washiriki tunakadiria 110 hadi 120, wa uhakika ni 100. Tungependa meza za duara, watu saba kila meza, wote wakitazama mbele. Tutahitaji projekta, maikrofoni nne, vyumba viwili vidogo vya majadiliano ya makundi siku ya pili mchana, chai ya saa 4 asubuhi, chakula cha mchana na chai ya saa 10 jioni. Washiriki 60 watalala. Tunaomba mtuainishie bei ya ukumbi peke yake na bei ya pakeji kwa kichwa, VAT ioneshwe mbali, pamoja na masharti yenu ya arbuni na ya kughairi.*

Ukiandika kwa Kiingereza, angalia saa. "Saa 2" iliyohamishwa kama ilivyo inakuwa mchana, na ukumbi utakuwa umefungwa wageni wako wanapofika asubuhi.

Tovuti ya ukumbi inasema unabeba watu 240. Sisi ni 120. Mbona naambiwa hautatutosha?

Kwa sababu 240 ni idadi ya viti vitupu vilivyopangwa safu kwa safu kama sinema, bila meza. Mpangilio huo hula mita moja ya mraba kwa mtu, pengine pungufu kidogo. Ukiweka meza, kila mtu anahitaji karibu mara mbili ya hapo.

Tuupime. Ukumbi wa mita 20 kwa 12 una mita za mraba 240. Mbele ondoa mita tatu na nusu za jukwaa, skrini na nafasi ya kupita, kwa kuwa mtu wa kwanza hapaswi kukaa karibu na skrini kuliko mara mbili ya kimo cha skrini hiyo. Unabaki na urefu wa mita 16.5. Meza ya duara ya kawaida ya watu kumi ina kipenyo cha mita 1.8, na ukiongeza viti na njia ya mhudumu, kutoka katikati ya meza moja hadi katikati ya nyingine panatakiwa takriban mita 3.2. Kwa upana wa mita 12 zinaingia meza tatu. Kwa urefu zinaingia tano. Jumla meza 15.

Meza 15 zikijazwa watu kumi kumi zinabeba 150, na hiyo ni sawa kwa chakula cha jioni. Kwenye warsha, watatu au wanne kati ya hao kumi watakuwa wameipa skrini mgongo. Ndiyo maana kwa mafunzo huwekwa watu sita au saba kwa meza, upande wa mbele ukiachwa wazi: 90 au 105. Watu 120 wanaingia tu ukikubali wanane kwa meza, na kila meza iwe na mtu mmoja au wawili wanaogeuza shingo siku tatu mfululizo.

Mpangilio wa darasa, yaani meza ndefu zote zikitazama mbele, ungewabeba 110 hadi 120 katika ukumbi huo huo. Umbo la U halifai kabisa kwa idadi hii. Likizidi watu 35 hivi, walioko mwishoni hawamwoni mwezeshaji wala hawasikiki.

Kwa hiyo usiulize "unabeba watu wangapi". Uliza "unabeba meza ngapi za duara, jukwaa likiwa limeshawekwa", kisha omba mchoro wa mpangilio wenye vipimo. Kama ofisi haina mchoro, omba urefu, upana na mahali nguzo zilipo, upige hesabu mwenyewe. Nguzo mbili katikati ya ukumbi zinaweza kukuondolea meza tatu na kuwaficha skrini watu wa meza nyingine mbili.

Kuna vitu gani vingine vinavyokula nafasi?

Vibanda vya wakalimani. Kibanda cha wakalimani wawili kina upana na kina cha takriban mita 1.6, lakini mbele yake lazima pabaki wazi waione skrini, na nyuma pawe na njia ya kubadilishana zamu. Mkutano wa lugha tatu, mathalani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kama ilivyo kawaida kwa mikutano ya kanda inayofanyika Arusha, utakula safu nzima ya nyuma. Katika ukumbi wetu wa meza 15 zinabaki 12.

Cha pili ni chai. Ikinywewa ndani ya ukumbi, meza za huduma zinahitaji ukuta mmoja mzima. Ikiwa nje, uliza kama pana paa. Mwezi Aprili swali hilo si la anasa.

Kama chakula cha mchana kitaliwa katika ukumbi ule ule wa mkutano, kataa au tafuta kwingine. Kupanga upya meza za watu 120 na kusafisha huchukua zaidi ya saa moja, na ratiba ya mchana haitarudi kwenye mstari.

Nichukue pakeji kwa kichwa au nikodi ukumbi na chakula kando?

Inategemea idadi, na jibu hubadilika mara mbili kadiri watu wanavyoongezeka. Tuseme pakeji ya siku nzima ni Sh 55,000 kwa mshiriki (ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana, maji, projekta na vipaza sauti), kwa sharti la kulipia watu wasiopungua 80. Kwa njia ya pili, ukumbi ni Sh 1,500,000 kwa siku, projekta na vipaza sauti Sh 300,000, chakula, chai na maji Sh 38,000 kwa mtu.

Kwa watu 120, pakeji ni Sh 6,600,000 kwa siku. Njia ya pili ni Sh 1,800,000 kuongeza 4,560,000, yaani Sh 6,360,000. Unaokoa 240,000 kila siku kwa kukodi kando.

Kwa watu 90, pakeji ni Sh 4,950,000 na njia ya pili Sh 5,220,000. Sasa pakeji ndiyo rahisi. Lakini mkiwa 60, sharti la watu 80 linakulipisha Sh 4,400,000 ilhali njia ya pili ingekuwa Sh 4,080,000. Kwa bei hizi, pakeji ina faida mkiwa kati ya watu 69 na 105 tu. Ndiyo sababu barua yetu iliomba bei zote mbili. Ofisi nyingi hutuma pakeji peke yake mpaka uulize.

Jambo moja la kuchungulia katika pakeji ni vyumba vya makundi. Mara nyingi havimo, na kila kimoja hutozwa peke yake, hata ukikihitaji saa mbili tu. Vivyo hivyo siku ya maandalizi: ukitaka kuingiza mabango na kupima vipaza sauti jioni ya kuamkia mkutano, uliza kama ni bure ukumbi ukiwa wazi au ni nusu siku ya kodi.

Bei niliyopewa ina VAT ndani?

Usidhani. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni 18%, na profoma ikiandikwa "bila VAT" kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, bajeti yako inapasuka. Warsha yetu kwa njia ya pili ni Sh 6,360,000 mara siku tatu, yaani 19,080,000. Ukiongeza VAT ya Sh 3,434,400 unafika Sh 22,514,400. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwa mhasibu. Kama taasisi yenu hukata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, semeni kabla ya kusaini, la sivyo ukumbi utaona fedha pungufu na kuhesabu kuwa hamjamaliza kulipa. Dai risiti ya EFD kwa kila awamu, hata ya arbuni.

Nimepewa bei kwa dola. Ni sawa?

Kwa huduma ya ndani ya nchi, omba profoma ya shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni. Kwako pia ni salama zaidi: mkataba wa dola unaosainiwa Februari na kulipwa Juni unakuachia mzigo wote wa kubadilika kwa thamani ya fedha.

Washiriki watalala hotelini hapo hapo. Vyumba vinaingia kwenye mkataba huo huo?

Vinaweza, lakini hesabu yake ni tofauti. Ukumbi huhesabu vichwa. Hoteli huhesabu usiku wa chumba. Watu 60 kwa siku tatu ni usiku 180 wa chumba, na kama wanafika jioni ya kuamkia siku ya kwanza na kuondoka jioni ya siku ya mwisho, bado ni 180. Wakilala mpaka asubuhi inayofuata ni 240. Kosa hili ni la kawaida na hugunduliwa usiku wa mwisho, hoteli ikiwa imejaa.

Weka tarehe ya kurudisha vyumba ambavyo havijapata majina. Kabla ya tarehe hiyo unavirudisha bila gharama. Baada yake ni vyako, mtu alale asilale. Siku 21 hadi 30 kabla ya mkutano ni muda wa haki kwa pande zote mbili.

Ni miezi gani ya kuepuka?

Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwa kikaoni na vitanda vinakuwa adimu. Mei na Juni ni ngumu popote, maana mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30 na ofisi nyingi zinakimbizana kumaliza mafungu ya mafunzo. Arusha, Julai hadi Oktoba watalii wamejaa, kwa hiyo ukumbi unaweza kupatikana lakini vyumba vya kulala vikawa na bei ya msimu. Kwa miezi hiyo uliza miezi minne hadi sita mapema. Januari na Februari una nguvu zaidi ya kuomba punguzo.

Wameniambia "tumekushikilia tarehe". Ni yangu sasa?

Bado. Kushikilia ni ahadi ya muda, kwa kawaida siku 7 hadi 14, bila fedha. Mteja mwingine akija na fedha mkononi, ofisi hukupigia na kukupa saa 24 au 48 uthibitishe au uachie. Profoma nayo si mkataba. Tarehe inakuwa yako ukishasaini mkataba na arbuni ikaonekana kwenye akaunti yao, si ulipotuma picha ya karatasi ya benki.

Omba kushikiliwa kwa maandishi kunakotaja siku na saa ya mwisho, na uliza kama wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni. Kuna wakati unashikiliwa tarehe ukiwa wa pili, na hakuna anayekuambia mpaka uulize.

Arbuni huwa kiasi gani na hulipwa lini?

Mpangilio unaokutana nao sana ni nusu wakati wa kusaini na nusu kabla ya kuanza. Kwa kundi kubwa omba awamu tatu: 30% wakati wa kusaini, 40% siku 30 kabla, 30% siku 7 kabla. Kwa mfano wetu awamu ya kwanza ni Sh 6,754,320.

Baadhi ya kumbi hudai pia amana ya uharibifu. Hiyo ni tofauti na arbuni: haihesabiwi kwenye bei, na inarudi baada ya ukaguzi. Andikeni itarudi ndani ya siku ngapi, na pitieni ukumbi pamoja kabla ya kuanza, mkipiga picha za mazulia na kuta. Gundi ya mabango ndiyo inayokula amana nyingi. Uliza mapema mabango yananing'inizwa wapi.

Malipo yakitoka nje ya nchi, tuma angalau siku kumi za kazi kabla ya tarehe ya mwisho na uagize gharama zote zibebwe na mtumaji. Vinginevyo benki za katikati hukata chao, arbuni inafika pungufu, na kimkataba ni kama haijafika.

Sisi ni taasisi ya umma. Tunaweza kutumia LPO badala ya arbuni?

Kumbi nyingi hukubali LPO iliyosainiwa kama uthibitisho, ila zile za binafsi zilizowahi kusubiri malipo kwa miezi zitadai angalau sehemu kwa fedha taslimu. Ununuzi wenu unapitia mfumo wa NeST, kwa hiyo hakikisheni ukumbi umesajiliwa humo kabla ya kupoteza wiki mbili za mazungumzo. Ukumbi ukiwa wa umma, kama AICC Arusha, malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Namba hiyo ina muda wake. Ikiisha, omba nyingine, msilipe kwa ile ya zamani.

Watu wakipungua, nitalipia waliokuja tu?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mkataba una idadi tatu: ya kukadiria, ya uhakika na ya mwisho. Unalipia ile iliyo kubwa kati ya idadi ya uhakika na waliofika.

Tuseme umesaini watu 120 wa uhakika, na kifungu kinakuruhusu kupunguza 10% mpaka siku 14 kabla. Ukitumia nafasi hiyo kwa wakati unashuka hadi 108. Wakija 95, unalipia chakula cha 108: watu 13 mara Sh 38,000 ni Sh 494,000 kwa siku, bila VAT, kwa sahani ambazo hazikuliwa. Ukisahau kuandika barua ya kupunguza, unalipia 120.

Ushauri wetu ni kusaini idadi ya uhakika ya chini, 100 kwa mfano huu, na kuandika kwamba ukumbi utakuwa wa kubeba mpaka 120. Kupandisha idadi ni rahisi. Jikoni hupokea ongezeko mpaka siku tatu za kazi kabla, na wengi huandaa ziada ya 5% bila kuulizwa. Usishuke mno, lakini. Ukiandika 60 huku unatarajia 120, ofisi ina haki ya kukuhamishia ukumbi mdogo, na kifungu hicho kimo kwenye mikataba mingi.

Tukighairi, tunapoteza arbuni tu?

Soma kifungu kinakokotoa asilimia ya nini. Kipimo cha kawaida hupanda kadiri siku zinavyokaribia: zaidi ya siku 60 hupoteza kidogo, siku 30 hadi 60 robo, siku 14 hadi 29 nusu, chini ya siku 14 yote au karibu yote. Swali ni nusu ya arbuni au nusu ya mkataba mzima.

Warsha yetu ikighairiwa siku 20 kabla, nusu ya mkataba ni Sh 11,257,200. Mmekwisha kulipa arbuni 6,754,320 pamoja na awamu ya pili ya Sh 9,005,760, jumla 15,760,080, kwa hiyo mnadai kurudishiwa Sh 4,502,880. Kama awamu ya pili hamkuilipa, ninyi ndio mnadaiwa kiasi hicho hicho. Waratibu wengi hushangaa kupokea ankara ya mkutano ambao haukufanyika.

Omba kifungu kimoja cha kupunguza makali: ukumbi ukipata mteja mwingine wa tarehe hizo, alicholipa kitolewe kwenye deni lenu. Na siku zinahesabiwa tangu barua yenu ilipopokelewa, si tangu mlipopiga simu. Tuma barua pepe na udai jibu la kukiri kupokea.

Na tukiahirisha badala ya kughairi?

Kumbi nyingi huhamisha arbuni mara moja, kwenda tarehe iliyo ndani ya miezi sita au kumi na miwili, mradi mtoe taarifa mapema. Mambo mawili ya kuangalia: bei itakuwa ya zamani au ya msimu mpya, na mkighairi baadaye siku zitahesabiwa kutoka tarehe ipi. Mikataba mingine hurudi kwenye tarehe ya kwanza, na hapo kuahirisha hakukuwasaidia kitu.

Ikitokea mafuriko, mlipuko wa ugonjwa au katazo la serikali?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, hutambua kwamba jambo likishindikana kabisa kutekelezwa, mkataba hufa. Lakini mfadhili kusitisha fedha, au mgeni rasmi kupata safari, hakuingii humo. Ni vyema kuyataja matukio kwa majina kwenye mkataba na kueleza arbuni itarudi kwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi.

Ukumbi wenyewe ukighairi?

Mikataba mingi iko kimya hapa, na kwenye miji yenye mikutano ya wakuu wa nchi si jambo la kufikirika tu. Shughuli ya kitaifa inaweza kuutwaa ukumbi. Andikeni kwamba arbuni yote itarudi ndani ya siku saba, na kwamba ukumbi utawatafutia pengine pa hadhi hiyo hiyo na kulipa tofauti ya bei. Wakikataa sharti la pili, shikilieni la kwanza, na mwekeni jina la ukumbi mbadala kwenye faili lenu pamoja na vipimo vyake.